Kyuukyuu Desu: Kuita Ambulensi na Polisi Ukiwa Japani

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama una kijana wako aliyepata nafasi ya kusoma Japani, au ndugu anayekwenda huko kufuata magari ya mtumba, mwite naye akae hapo. Na wewe unayetusikiliza ukiwa huko huko Japani, leo nazungumza nawe hasa.

Nataka tuzungumze juu ya simu moja tu. Simu ya kuita ambulensi, na ndugu yake, simu ya kuita polisi. Nazungumzia Japani kwa sababu niliishi huko, katika jiji la Nagoya, na kwa sababu usiku mmoja wa baridi ilinibidi nipige simu hiyo mwenyewe.

Tuanze na namba. Hapa Tanzania tumezoea kuambiwa 112 kwa polisi na 114 kwa zimamoto. Japani ni 119 na 110. Namba 119 ni ya zimamoto na ya ambulensi, zote mbili pamoja, kwa sababu kule ambulensi ni za idara ya zimamoto ya mji. Si hospitali inayozituma. Namba 110 ni ya polisi. Narudia, kalamu iwe mkononi: mgonjwa au moto, 119. Polisi, 110. Simu zote mbili ni za bure, mchana na usiku.

Sasa, kwa nini nasema namba peke yake haitoshi? Kwa sababu ukishapiga 119, sauti itakayopokea haitakusalimu. Haitakuuliza habari za nyumbani. Itakuuliza swali moja fupi, tena kwa haraka, na swali lenyewe ni hili: “Kaji desu ka, kyuukyuu desu ka?”

Umelisikia? “Kaji desu ka, kyuukyuu desu ka?” Kaji ni moto, yaani nyumba inaungua. Kyuukyuu ni dharura ya mgonjwa au majeruhi. Hiyo “desu ka” mwishoni ni ya kuulizia tu, kama sisi tunavyosema “je”. Kwa hiyo anauliza: je, ni moto, au ni mgonjwa? Wewe unajibu kwa maneno mawili: “Kyuukyuu desu.” Ni mgonjwa. Basi. Hujui Kijapani kingine chochote? Umekwisha kuvuka mlango wa kwanza.

Na hapa ninayo habari njema kwa sisi wenye Kiswahili. Kijapani kina irabu tano, na ni zile zile zetu: a, e, i, o, u. Silabi zake nyingi huishia na irabu kama zetu. Wenzetu waliozaliwa na lugha nyingine huhangaika miezi kutamka maneno ambayo mtoto wa Tanga huyasoma sawasawa mara ya kwanza. Kitu cha kuangalia ni urefu wa irabu. Kama vile kwetu “paka” si “pakaa”, na kule ukifupisha irabu umesema kitu kingine. Kwa hiyo usiseme “kuku”. Anza na “ki” ya kiti, kimbiza ulimi kwenye “yu” ya yule, kisha vuta mwisho kama neno juu. Kyuu. Mara mbili. Kyuukyuu. Ile “desu” nayo, wenyewe humeza u ya mwisho, inasikika kama “des”. Tuseme pamoja hapo ulipo, usione haya, hata kama watoto wanakutazama: kyuukyuu desu. Tena: kyuukyuu desu.

Vizuri. Swali la pili litakuwa ni la mahali. Na hapa, msikilizaji, ndipo penye kazi.

Sisi tukimwelekeza mtu nyumbani tunasemaje? “Ukishuka kituoni, ulizia kwa Mama Asha, pita msikitini, ukiona mwembe kata kushoto.” Barua zetu zimekwenda miaka na miaka kwa sanduku la posta, na sanduku la posta halilali nyumbani kwako. Wengi wetu tumekua bila kuitamka anwani ya nyumba kwa mdomo hata mara moja. Halafu unafika Japani, unapewa chumba, unapewa karatasi yenye anwani, unaikunja unaiweka mkobani. Ni kosa hilo. Anwani ile inatakiwa iwe mdomoni.

Na mpangilio wake umegeuka. Kwenye bahasha sisi tunaanza na jina la mtu, tunamalizia na mji na nchi. Tunatoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Mjapani anatoka kwa mkubwa kuja kwa mdogo: mkoa, jiji, wilaya ya jiji, mtaa, kisha namba, kisha jengo, kisha chumba. Tena barabara nyingi za makazi hazina majina. Kinachohesabiwa ni vipande vya ardhi. Mtaa hugawanywa katika sehemu kubwa ziitwazo choome, ndani ya choome mna vitalu vyenye namba, na ndani ya kitalu kila nyumba ina namba yake. Kwa hiyo utapata namba tatu zinazofuatana, na namba hizo tatu ndizo zinazomleta mtu wa ambulensi mpaka mlangoni.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi. Mtaa nautunga, namba nazitunga, ila jiji na wilaya ni vya kweli. Tuseme unakaa Nagoya, wilaya ya Chikusa, mtaa tuuite Sakuramachi, choome ya 2, kitalu cha 14, nyumba ya 8, jengo liitwalo Haitsu Midori, chumba namba 203. Kwa simu unasema hivi, polepole, kwa vituo:

“Nagoya-shi. Chikusa-ku. Sakuramachi, ni choome. Juuyon no hachi. Haitsu Midori. Ni maru san.”

Shi ni jiji, ku ni wilaya. Ni ni mbili, juuyon ni kumi na nne, hachi ni nane. Ile “no” katikati ni kiunganishi tu, kama “ya” yetu. Na “ni maru san” ni mbili, sifuri, tatu, namba ya chumba. Umeona kwamba mkoa nimeuacha? Ukipiga 119 unaangukia zimamoto ya mji au eneo ulipo, ndiyo maana ukianza na jiji inatosha. Polisi ni wa mkoa mzima, kwa hiyo kwa 110 jina la jiji usiliruke kabisa.

Sasa namba. Ninaomba uzisikilize kwa makini, maana kuna mtego uliotegwa kwa ajili yetu Waswahili peke yetu. Moja hadi tisa ni hizi: ichi, ni, san, yon, go, roku, nana, hachi, kyuu. Sifuri ni zero au maru. Umeusikia mtego? Saba kwa Kijapani ni nana. Na nane kwetu ni nane. Nana na nane! Mtu aliyetulia atacheka. Lakini mtu aliyeshtuka, mwenye mgonjwa sakafuni, kichwani anafikiri nane na ulimi unatoka na nana. Amesema saba. Ambulensi inakwenda nyumba ya saba. Kwa hiyo kama anwani yako ina 8, jizoeze kwa nguvu: nane ni hachi. Hachi. Na kama ina 7, useme nana kwa kujua unasema saba. Mpokeaji simu ataisoma anwani nzima kukurudishia. Usimwitikie tu “hai, hai” kwa woga. Msikilize namba kwa namba, na ikiwa amekosea sema “chigaimasu”, yaani sivyo, kisha anza upya.

Sasa nikusimulie ule usiku wa Nagoya. Nilikuwa nakaa na mwenzangu mmoja, mtu wa Mombasa, mwenye pumu tangu utotoni. Majira ya baridi yalipokaza, kifua kikambana. Kiasi cha saa nane usiku nikamsikia anavuta pumzi kama mtu anayepuliza chupa. Dawa yake ya kupuliza alikwisha kuitumia mara kadhaa na haikumsaidia. Ameketi ameinama mbele, mikono magotini, na akitaka kusema neno hawezi kulimaliza. Midomo imeanza kubadilika rangi. Ukiyaona hayo kwa mtu wa pumu, hapo si pa kungoja asubuhi.

Nikapiga 119. Swali likaja: “Kaji desu ka, kyuukyuu desu ka?” Nikajibu: “Kyuukyuu desu.” Akauliza anwani. Nikaisoma, na naweza kuwaambia kwa uhakika kwamba niliisoma kutoka ukutani, kwa sababu mama mmoja wa Kijapani aliyenifundisha lugha alikuwa amenilazimisha niibandike karibu na mlango wiki ya kwanza. Bila karatasi ile, usiku ule nisingelikumbuka hata jina la mtaa. Mtu aliyeshtuka husahau vitu anavyovijua.

Akaniuliza: “Doo shimashita ka?” Kuna nini? Nikasema sentensi tatu. “Tomodachi desu.” Ni rafiki. “Iki ga kurushii desu.” Anapumua kwa shida. “Zensoku desu.” Ni pumu. Akauliza: “Ishiki wa arimasu ka?” Ana fahamu? Nikajibu: “Arimasu.” Anazo. Akauliza umri, “Nansai desu ka?”, nikataja. Akaomba jina langu na namba ya simu. Mazungumzo yote, sidhani kama yalizidi dakika tatu.

Nieleze jambo moja hapa, kwa sababu lilinikera mpaka nilipolielewa. Nilipokuwa naulizwa maswali yale, moyoni nasema: huyu naye, badala ya kutuma gari ananiuliza umri! Kumbe gari limekwisha kuondoka. Mpokeaji akishajua ni mgonjwa na akishapata anwani, ambulensi hupewa amri ya kutoka, na maswali mengine yanaendelea huku gari liko njiani. Ndiyo maana mambo mawili ya mwanzo yana uzito kuliko yote: kyuukyuu desu, halafu anwani. Hata simu ikikatika baada ya hapo, wanakuja. Lakini ikikatika kabla ya anwani, umewaachia kazi ya kubahatisha.

Utaniuliza: je, hawaoni nilipo kupitia simu ya mkononi? Wanaona kwa makadirio. Skrini yao huonyesha eneo ambalo simu inatoka. Lakini makadirio hayo hayasemi uko ghorofa ya pili au ya tisa, wala chumba kipi kati ya arobaini. Tena ukiwa karibu na mpaka wa miji miwili, simu inaweza kuangukia zimamoto ya mji wa jirani. Wakigundua watakuhamisha. Ukisikia kimya kidogo usikate. Subiri hapo hapo.

Maneno mengine ya mgonjwa ni machache, nami nitakupa yale yanayotumika zaidi. Hana fahamu: “Ishiki ga arimasen.” Hapumui: “Iki o shite imasen.” Kifua kinauma: “Mune ga itai desu.” Anatoka damu nyingi: “Chi ga takusan dete imasu.” Chi ni damu. Ukisahau yote, shika neno moja, itai, inauma, na utaje kiungo. Ukisema hapumui, usishangae mpokeaji akibaki nawe kwenye simu na kukuhesabia ukandamize kifua: ichi, ni, san. Weka simu kwenye spika, iweke sakafuni, mikono yote miwili katikati ya kifua, fuata hesabu yake mpaka wafike.

Wanachukua muda gani? Kwa wastani wa nchi nzima ni kama dakika 10 tangu simu ipigwe. Ndani ya dakika hizo una kazi. Washa taa ya nje, fungua mlango. Kama mko wawili, mmoja ashuke barabarani awapungie mkono, maana majengo ya Japani hufanana. Chukua uthibitisho wa bima ya afya, kadi ya ukazi, dawa anazotumia mgonjwa, na pesa. Chukua na viatu vyake. Ndiyo, viatu! Kule watu huvua viatu mlangoni, mgonjwa anabebwa peku, na asubuhi akiruhusiwa hana cha kuvaa kwenye baridi. Kubebwa na ambulensi yenyewe hakutozwi, ila matibabu hospitalini yana gharama zake, na nauli ya kurudi ni yako.

Watakuja watu watatu. Watampima mgonjwa, watamweka garini, halafu utaona kitu cha kukushtua: gari halitaondoka. Limesimama pale pale, taa zinazunguka, na mmoja wao anapiga simu. Usiku ule mimi nilitaka kupiga kelele. Kumbe wanatafuta hospitali yenye daktari wa ugonjwa huo na yenye kitanda. Kule hawamwahishi mgonjwa hospitali ya karibu halafu waombe mlango ufunguliwe. Wanauliza kwanza, hospitali inakubali, ndipo wanaondoka. Wakati mwingine hospitali ya kwanza inakataa kwa kuwa imejaa, wanapiga ya pili. Wakati huo tiba imekwisha kuanza garini. Mwenzangu aliwekewa oksijeni kabla magurudumu hayajazunguka. Kwa hiyo usiwafokee, na usimtoe mgonjwa ukimbilie teksi. Waonyeshe dawa zake, wajibu wanachouliza.

Alilazwa siku nne, akatoka salama. Ana watoto wawili sasa.

Msikilizaji, tumekwisha kuimaliza ya nyumbani. Sasa ya barabarani, ambako huna karatasi ukutani. Umeona mtu ameanguka, wala hujui uko mtaa gani. Hapo ile tabia yetu ya kuelekeza kwa mwembe na msikiti inafaa sana. Mpokeaji mwenyewe atakuuliza kuna nini karibu. Taja kituo cha treni, shule, duka kubwa, jina la njia panda lililoandikwa kwenye taa za barabarani. Na tazama mashine za kuuzia vinywaji, zile za kutumbukiza sarafu. Ziko kila kona, na nyingi zimebandikwa kipande cha karatasi chenye anwani ya pale zilipo, makusudi kwa ajili ya simu za dharura. Nguzo za umeme nazo zina namba. Tatizo ni kwamba anwani hiyo huandikwa kwa herufi za Kijapani, na kama huzisomi, mwonyeshe mpita njia.

Mpita njia huyo ndiye msaada wako mkubwa. Sentensi yake ni ndefu kidogo, lakini ndiyo ninayokuomba uishike kuliko zote ukiwa nje: “Kyuukyuusha o yonde kudasai.” Niitie ambulensi tafadhali. Kyuukyuusha ni gari lenyewe, yonde ni ita, kudasai ni tafadhali. Nitairudia. Kyuukyuusha o yonde kudasai. Mwangalie mtu mmoja usoni unapoisema. Ukiusemea umati, kila mtu atadhani mwingine ndiye atakayepiga.

Sentensi hiyo utaihitaji pia kwa sababu nyingine, na hii wasafiri wengi huijua wamekwisha kuchelewa. Ukishuka uwanja wa ndege Japani, laini nyingi wanazouziwa wageni ni za bando la intaneti tu. Ramani inafanya kazi, unamwona mama Dar es Salaam kwa video, unadhani simu yako ni nzima. Lakini laini isiyo na huduma ya sauti haiwezi kupiga 119 wala 110. Utabonyeza, haitaita. Na programu za kupigiana simu kwa intaneti hazikufikishi zimamoto. Kwa hiyo unaponunua laini uliza kama inapiga simu za kawaida. Kama haipigi, ujue mapema kwamba dharura ikitokea utakimbilia simu ya mtu mwingine, duka lililo wazi usiku, au mapokezi ya hoteli. Ukiiona simu ya umma, zile za kijani, nazo zinapiga 119 na 110 bila sarafu.

Na asiyejua Kijapani kabisa? Idara nyingi za zimamoto na polisi wa mikoa wana wakalimani wanaoingizwa kwenye simu, mkawa watatu: wewe, mpokeaji, na mkalimani. Useme lugha tu. Kiingereza: “Eigo de onegaishimasu.” Kiswahili kwao huitwa Suwahirigo, lakini usikitegemee, lugha zinazopatikana kwa kawaida ni Kiingereza, Kichina, Kikorea, Kireno, Kihispania na nyingine chache kulingana na mahali. Sema kwanza “kyuukyuu desu”, ndipo uombe lugha. Ukianza na kuomba lugha, hajajua bado kama nyumba inaungua au mtu anakufa.

Haya, polisi sasa. Hapa nitakwenda haraka, kwa sababu umbo ni lile lile. Unapiga 110, na swali la kwanza ni hili: “Jiken desu ka, jiko desu ka?”

Najua umelisikia neno “jiko”. Usicheke kwanza. Jiko kwa Kijapani ni ajali. Jiken ni uhalifu: wizi, kupigwa, mtu kuvamia nyumba. Kwa hiyo gari likigongana unasema “jiko desu”, na wala hakuna kinachopikwa. Na moto, ule wa 119, ni kaji. Liweke hivi kichwani: jiko la Mjapani halina moto. Moto ni kaji, jiko ni ajali. Mtu wa Kiswahili akiona moto wa jiko la gesi umeshika ukuta asije akasema “jiko”, atadhaniwa ameona ajali.

Mwizi ni “doroboo”. Nisaidieni, kwa sauti ya kupiga yowe, ni “tasukete!” Anwani utaitaja vile vile, kutoka kubwa kwenda ndogo. Watakuuliza imetokea lini na mhalifu amekimbilia wapi.

Kwa ndugu zetu wa magari ninalo la kusisitiza. Kwa sheria ya Japani, ajali yoyote ya barabarani lazima iripotiwe polisi, hata ikiwa ni mkwaruzo na mmeelewana. Ile desturi ya “tumalizane hapa hapa” itakuumiza. Bila kuripoti polisi hupati cheti cha ajali, na bila cheti hicho bima itakusumbua, nawe unaweza kushtakiwa. Baiskeli nayo inahesabiwa ni chombo cha barabarani. Kama kuna aliyeumia, 119 kwanza, kisha 110.

Na pale ambapo jambo halina haraka? Umepoteza mkoba, jirani anakusumbua, hujui kama homa hii ni ya ambulensi? Usiizibe njia ya wenye dharura. Kwa polisi kuna namba ya ushauri, #9110, yaani unaanza na alama ya reli. Kwa afya kuna #7119, ambako muuguzi atakusikiliza akuambie kama uite ambulensi, ila namba hii haijafika mikoa yote, na mara nyingi atajibu kwa Kijapani. Ukiwa na shaka na mtu yuko hoi, piga 119.

Muda wangu unaelekea kwisha, kwa hiyo sasa nakupa kazi. Usiku wa leo, kabla hujalala, wewe uliyeko Japani chukua karatasi ile uliyoikunja. Mwombe mwalimu, jirani au mtu wa ofisi ya chuo akusomee anwani yako kwa sauti, nawe uiandike kwa herufi zako kama unavyoisikia: shi, ku, mtaa, choome, namba mbili, jengo, chumba. Juu yake andika 119, kyuukyuu desu. Chini yake andika 110, jiken au jiko. Ibandike karibu na mlango, mahali ambapo hata mgeni aliyelala kwako siku moja ataiona. Kisha isome kwa sauti mara kumi. Na wewe mzazi uliyeko Tanga, Mombasa au Bujumbura, ukimpigia mwanao kesho, kabla ya kumuuliza habari za masomo, mwambie akutajie anwani yake kwa Kijapani mpaka namba ya chumba. Akishindwa, mwambie utampigia tena keshokutwa.